Ami aliacha dawa za TB katikati, sasa anameza zilizobaki. Je, zinahesabika?

MwanaKizingitini

Asalaam aleikum wenzangu. Naomba msaada kabla sijagombana na mzee.

Ami yangu ni mvuvi, miaka 47. Mwaka jana mwezi wa kumi alikohoa hadi akakonda akabaki kilo 52. Belghamu ikapimwa kwa ile mashine, ikaonekana TB. Akapewa vidonge vya rangi ya hudhurungi, vitatu kila asubuhi kabla ya kula, na kidogo kimoja cha vitamini. Miezi miwili ya kwanza nilimsimamia mwenyewe na hakukosa hata siku moja. Akanawiri. Januari wakambadilishia vidonge, wakamwambia hivi ni vya miezi minne. Haikupita muda akashika njia akaenda dago upande wa Ngomeni, maana kaskazi ndio msimu wa pesa. Alipewa dawa za mwezi mzima akazitia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na ndoana zake.

Sasa amerudi, na kikohozi kimerudi naye. Jana natafuta ndoana mkebeni nikakuta pakiti mbili nzima na moja imeliwa nusu. Anasema alimeza kama wiki mbili hivi, akajiona mzima, akaacha. Kikohozi kilipoanza tena mwezi huu, akajianzishia mwenyewe: siku akikohoa sana anameza, siku akipata nafuu haziguzi. Na zingine alimpa mwenzake wa chomboni ambaye naye yuwakohoa.

Hoja yake ni hii: "Dawa ni za miezi 6. Nimemeza miezi miwili na nusu, nikimaliza hizi na nikapewa za kufidia, jumla si ile ile?" Wallahi sikuwa na jibu. Je, zinahesabika?

Kichwa_cha_Langoni

Hazihesabiki. Viini vyake vishazoea dawa. Mtu akiacha TB katikati lazima inakuwa sugu, hilo halina mjadala. Ni kama mtu wa mogoka, siku ya kwanza majani machache yanamtosha, baada ya mwaka kilo nzima haimfanyi kitu. Ami yako sasa atafute dawa kali zaidi.

BiFatmaShela

Pole sana mwanangu. Huo mkojo wake umekuwa rangi ya mabuyu? Marehemu mume wangu ulikuwa mwekundu hivyo tukadhani ni damu, akaacha kumeza siku nne kwa hofu. Kumbe ni rangi ya dawa tu.

MstaafuWaKifua

Mwana, kabla ya maelezo. Keshokutwa Jumatatu asubuhi mpeleke kliniki aliyoanzia, na mkebe wake uende naye kama ulivyo. Usitupe hata kidonge kimoja, kwa sababu wataka kuhesabu alichomeza na alichoacha. Belghamu ya alfajiri, kabla hajapiga mswaki, ndiyo nzuri. Asiendelee kujipimia dawa mwenyewe. Na mwenzake wa chomboni apelekwe pia, tena huyo ananitia wasiwasi kuliko ami yako.

Mimi nilikaa kliniki ya TB Malindi miaka mingi kabla ya kustaafu. Suali la ami yako nilikuwa naulizwa kila mwisho wa kaskazi, wavuvi wakirudi. Miezi 6 si deni la dukani kwamba unalipa kidogo kidogo hadi daftari likafutwa. Nitaeleza usiku nikitulia.

Bi Fatma uko sawa, ni rifampisini inayotia rangi. Nasi tulikuwa tunaitumia. Mtu akiapa kwamba amemeza na mkojo ni mweupe pe, tunamtazama tu.

MstaafuWaKifua

Haya, nimerudi.

Kichwa cha Langoni amesema kweli kwamba hazihesabiki, lakini sababu aliyotoa siyo. Kiini cha TB hakizoei dawa kama mtu anavyozoea mogoka. Kile kisichosikia dawa kilikuwemo kifuani kabla mgonjwa hajameza hata kidonge kimoja. Dawa haikifundishi kitu. Inawaondoa wenzake tu, kikabaki na nafasi.

Chukua pafu lenye tundu la ukubwa wa ndimu. Humo viini vyaweza kufika milioni 100, na zaidi. Vinapozaliana, mara chache sana kimoja huzaliwa na kasoro inayokifanya kisidhurike na dawa fulani. Kwa isoniazidi, tukadirie kimoja katika kila milioni moja. Kwa rifampisini ni adimu zaidi, tuseme kimoja katika milioni 100. Kwa hivyo ami yako, siku anaingia kliniki hajameza chochote, alikuwa na viini kama 100 visivyosikia isoniazidi, na labda kimoja kisichosikia rifampisini.

Mpe isoniazidi peke yake. Wiki za mwanzo atapata nafuu ya ajabu, kwa sababu karibu vyote vimekufa. Wale 100 wamebaki, nyumba ni yao. Baada ya miezi michache wamejaa tena, na sasa wote ni wa ukoo ule ule.

Mpe zote mbili pamoja. Wale 100 wanauawa na rifampisini. Yule mmoja anauawa na isoniazidi. Ili kiini kimoja kiponyoke zote mbili, kiwe na kasoro mbili kwa pamoja, unazidisha milioni moja kwa milioni 100. Unapata trilioni 100. Hakuna pafu lenye viini idadi hiyo. Hiyo ndiyo siri yote ya kuchanganya: kila dawa inamlinda mwenzake.

Kichwa_cha_Langoni

Sawa mzee, lakini hizo ni hesabu za karatasini. Nani aliwahi kumpa mtu dawa moja?

MstaafuWaKifua

Waingereza, kwa streptomaisini, mwaka 1947. Ndiyo ilikuwa dawa ya kwanza ya TB yenye nguvu. Waliwapa wagonjwa 55, na wengine 52 wakabaki kwa mapumziko ya kitandani tu, ndiyo tiba ya siku zile. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili. Ungesema ushindi. Ila wengi wa waliopewa dawa walianza kurudi nyuma, na vipimo vikaonyesha viini vyao havisikii streptomaisini tena. Walipohesabu baada ya miaka 5, wamekufa 32 kati ya wale 55, na 35 kati ya wale 52. Tofauti karibu imeyeyuka. Kwa sababu ya usugu huo, hata kabla ya hesabu hiyo ya miaka 5 walikuwa wameshaanza kuoanisha dawa.

Juma_wa_Mokowe

Mbona sasa mimi nilipewa INH peke yake miezi 6? Mimi natumia dawa za virusi, mwaka ule wakaniongezea hiyo INH na vitamini B6, wala sikuwa nakohoa. Kwa maelezo yako walinitengenezea usugu? Nimeingiwa na baridi ghafla.

MstaafuWaKifua

Juma tulia, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Rudi kwenye hesabu ile ile. INH ndiyo hiyo isoniazidi. Wewe hukuwa na ugonjwa, ulipewa kinga. Aliyeambukizwa bila kuugua ana viini vichache mno, hata milioni moja havifiki wala havikaribii. Bahati ya kumkuta yule asiyesikia dawa ni ndogo sana, kwa hivyo dawa moja inatosha. Ndiyo maana walikuuliza kwanza kama una kikohozi, homa, jasho la usiku, kukonda. Kosa ni kumpa mtu kinga hiyo huku tayari ana tundu kifuani na hakuna aliyeuliza. Hapo ndipo ungekuwa umerudia ya 1947.

Juma_wa_Mokowe

Waliuliza, kila mwezi. Nilikuwa naona wananichosha.

MwanaKizingitini

Mzee Mstaafu nimekufuata hadi hapo. Lakini kama mbili zinatosha, mbona ami alipewa nne? Kwenye pakiti ya kwanza nimesoma RHZE, hizi za mkebeni zimeandikwa RH tu.

MstaafuWaKifua

Umefanya vizuri kusoma. R ni rifampisini, H ni isoniazidi, Z pirazinamidi, E ethambutoli. Zote nne ziko ndani ya kidonge kimoja, na kwa kilo 52 ni vidonge vitatu, kama alivyopewa. Zamani zilikuwa mbalimbali, mtu anabeba kiganja kizima. Basi anaacha ile inayomchoma tumbo, anameza ile ndogo isiyo na shida. Bila kujua amejipa dawa moja. Kuziunganisha kumefunga mlango huo.

Kuhusu nne. E yuko pale kama mlinzi. Huwezi kujua siku ya kwanza kama kiini alichoambukizwa kilitoka kwa mtu ambaye tayari H yake imeshindwa. Ikiwa ni hivyo na umempa R na H tu, umempa R peke yake. E anasimama na R hadi wingi wa viini upungue. Z kazi yake ni nyingine, inaua vile vilivyojificha penye uchachu ndani ya uvimbe, ambapo wenzake ni wazito. Hii Z pamoja na R ndizo zilizopunguza tiba kutoka mwaka na nusu hadi miezi 6, na jambo hilo lilithibitishwa hapa hapa kwetu. Majaribio yalifanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, matokeo ya kwanza yakatoka 1972. Kabla ya hapo ilikuwa sindano na vidonge miezi 18.

Baada ya miezi miwili viini vimebaki vichache, mlinzi anaondolewa, R na H wanamalizia.

BiFatmaShela

Hizo sindano nazikumbuka. Mamangu alichomwa hadi akawa hawezi kukaa kwenye busati.

MwanaKizingitini

Kama vimebaki vichache hivyo, na ami amenawiri, hiyo miezi minne ya mwisho ni ya nini? Hapo ndipo anaponishinda. Anasema, "Nilikuwa navuta nyavu kutwa, mgonjwa gani huyo?"

MstaafuWaKifua

Alikuwa mzima kweli, hakudanganya. Kikohozi, homa na kukonda vinaletwa na vile viini vingi vinavyozaliana, na hivyo ndivyo vinavyokufa mwanzo. Dawa hizi huua zaidi kiini kinapofanya kazi. Sasa kiini cha TB ni kivivu, hata kikiwa katika kasi yake kinagawanyika mara moja kwa saa 20 hivi. Na wapo waliolala kabisa, hawali, hawazaliani, wanaamka kidogo wanarudi kulala. Hao dawa inawapitia tu. R ndiyo hodari ya kumnasa anayeamka kwa muda mfupi, lakini lazima iwepo siku hiyo anapoamka. Miezi minne ni ya kuwavizia hao. Mgonjwa hawasikii, wala kipimo cha darubini mara nyingi hakiwaoni.

Sasa nije kwenye kuacha, na hapa tena nampinga Kichwa. Mtu akiacha zote siku moja, akakaa, ugonjwa ukarudi, mara nyingi unarudi ule ule unaosikia dawa. Wale waliolala hawakuwa sugu, walikuwa wamelala tu. Nimewaona wengi wameanza upya kwa dawa zile zile wakapona. Kwa hiyo si "lazima sugu".

Kinachonitisha kwa ami yako ni huku kumeza na kuacha, kumeza na kuacha. Kila akiacha, viini vinajaza pafu upya, kutoka vichache hadi mamilioni, na kila wakijaa wanazaliwa wapya wenye kasoro. Akirudi kumeza, anawaua wanaosikia na kuwabakisha wasiosikia. Akiacha tena, waliobaki ndio wanaozaa. Na dawa mbili hazimalizi nguvu zake kwa saa moja. Kila akikatiza kuna muda ambapo moja imeishiwa na nyingine bado inavibana viini, yaani yuko kwenye dawa moja. Mzunguko mmoja huenda usifanye kitu. Mitatu minne, kidogo kidogo anajenga.

Halafu angalia alichokuwa anameza. Mkebeni ni RH. Amerudi na pafu lililojaa, pengine kama la mwezi wa kumi, na anapigana nalo bila Z na bila mlinzi. Ikiwa H imeshaponyoka, basi kila kidonge alichotoa mkebeni ni rifampisini peke yake. Hivyo ndivyo watu wanavyofika pabaya: kwanza H, kisha R. Zote mbili zikienda kwa pamoja ni nadra.

Na mwenzake? Hajapimwa, hajulikani ana TB au la, amepewa RH za siku chache halafu zimeisha.

Kichwa_cha_Langoni

Nimekubali la mogoka. Lakini bado nasema dawa hizi zinaunguza ini. Mtu akipumzika siku mbili kwa wiki kuna ubaya gani? Marehemu babu yangu alikuwa akimeza mara tatu kwa wiki, tena kliniki yenyewe ilimpangia, akapona.

MstaafuWaKifua

Huo mpango ulikuwepo, sikatai. Dozi ya siku ilikuwa kubwa zaidi na mtu anasimamiwa akimeza. Sasa Shirika la Afya Duniani limeuacha, wanataka kila siku, kwa sababu ukikosa siku moja kati ya tatu umekosa theluthi ya wiki. Ini ni jambo la kweli. Macho yakiwa manjano, au kutapika kusikokoma, rudi kliniki siku hiyo hiyo. Huko daktari atasimamisha zote kwa pamoja na kuzirudisha kwa utaratibu. Kujipumzisha mwenyewe ni kitu kingine.

Ukhti_Barani

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ndiye nimetoka huko mnakosema. Yangu ilikuwa haisikii R. Sikuwahi kuacha dawa hata siku moja, ilikuwa TB yangu ya kwanza, niliipata hivyo hivyo sugu kutoka kwa mtu. Kwa hiyo jamani msimwangalie kila mwenye sugu kama mkaidi.

Nilipewa bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, miezi 6. Kabla ya hapo nilikuwa nimesikia habari za miaka miwili na sindano za kuziba masikio, nikalia. Si rahisi hata hivyo. Linezolidi ilinichoma nyayo kama natembea juu ya mchanga wa saa saba, wakapunguza dozi. Kila mara napimwa damu na mapigo ya moyo. Kitu kimoja sikuelewa hadi leo: mbona walinisisitizia kwamba nikiona siwezi, nisiache kimya kimya hata kama nimechoka, bora niwapigie?

MstaafuWaKifua

Ukhti, shukrani kwa kusema hilo la mwanzo. Nami nimeandika kana kwamba usugu wote unatengenezwa na mgonjwa mwenyewe, kumbe wengi huambukizwa nao.

Jibu lako liko kwenye bedakwilini. Hizi nyingine ukiacha, kwa siku chache zimetoka mwilini. Bedakwilini inajificha kwenye tishu na kutoka polepole mno. Baada ya miezi mitano hivi bado nusu imo. Kwa hiyo ukiacha zote leo, wenzake wanaondoka na yeye anabaki peke yake miezi na miezi, kwa kiwango kinachopungua. Ni streptomaisini ya 1947, ila imo ndani yako na huwezi kuitoa.

MwanaKizingitini

Wenzangu, nimerudi na habari. Jumatatu tulienda. Ami alinuna njia nzima, kwenye boti hakunisemesha. Muuguzi akamwaga mkebe mezani, ndoana huku vidonge huku, akahesabu. Kwa pengo hilo wakasema ni zaidi ya miezi miwili hajatumia ipasavyo, kwa hiyo anaanza upya, siku ya kwanza. Miezi miwili na nusu ile haikuhesabiwa.

Leo majibu ya mashine yametoka. Nimeyapiga picha:

```
MTB DETECTED
RIF Resistance NOT DETECTED
```

Amewekwa tena kwenye RHZE. Sasa ana kilo 50, vidonge vitatu.

Kichwa_cha_Langoni

Alhamdulillahi! Basi si sugu, mambo yamekwisha.

MstaafuWaKifua

Alhamdulillahi kweli, R yake iko salama kwa kipimo hicho. Lakini mashine hiyo inasoma kasoro za rifampisini tu. Kuhusu H haikusema neno. Mwana, waliotesha belghamu?

MwanaKizingitini

Ndiyo, walichukua chupa mbili. Moja wamesema inapelekwa maabara kuoteshwa, majibu ni wiki kadhaa. Nilidhani ni kwa sababu mashine yaweza kukosea.

MstaafuWaKifua

Ni kwa hilo pia. Mtu aliyewahi kutibiwa, mashine yaweza kuokota mabaki ya viini vilivyokufa ikasema TB ipo. Kikiota, kiko hai. Na kikiota ndipo watapima H. Ikionekana H imeondoka, watabadilisha: R, Z na E kila siku miezi 6, pamoja na levofloksasini, ili R asibaki peke yake. Kwa hiyo nenda ukaulize hayo majibu, usingoje upigiwe simu.

BiFatmaShela

Na Ramadhani ikimkuta kwenye dawa?

MstaafuWaKifua

Mgonjwa ana ruhusa, kula kwake hakuna lawama. Akishikilia kufunga, azungumze na kliniki kwanza. Dozi ni moja kwa siku na inataka tumbo tupu. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wakifungua kwa maji, wakameza, wakaenda kuswali magharibi na kukaa kidogo ndipo wakala futari. Jambo ni saa ile ile kila siku.

Juma_wa_Mokowe

Na yule mwenzake wa chomboni?

MwanaKizingitini

Ndilo linalonikosesha usingizi. Ami amenipa jina na namba, simu haipatikani. Mara ya mwisho chombo kimeonekana Kipini. Muuguzi ameandika na kusema atawajulisha wahudumu wa upande huo. Nimemuuliza ami alimpa vidonge vingapi. Akafikiri, akasema, "Konzi moja tu."